Kiyoyozi cha darini kinajizima chenyewe, pampu imeshabadilishwa na bado. Mafundi wa Mtwara na Lindi, njooni

Bi Shangani
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa anayevijua viyoyozi vya kaseti, vile vya mraba vinavyokaa ndani ya dari na kupuliza pande nne.

Ninasimamia ukumbi wa mikutano hapa Shangani, Mtwara. Tuna mashine mbili za BTU 36,000 kila moja. Ya mlangoni haina neno. Ya upande wa jukwaa inapoza vizuri tu, halafu inajizima, taa inapepesa, na kwenye kioo chake inaandika EE. Ukizima swichi ya ukutani, ukasubiri kidogo na kuwasha, inarudi kazini. Baadaye inarudia yale yale.

Fundi wa kwanza alisema pampu ya maji imekufa. Tukaagiza Dar, ikaja na basi, akafunga, nikalipa. Wiki ile mashine ilitulia nikajua tumepona. Wiki iliyofuata EE ikarudi. Sasa ananiambia tubadilishe floti, na floti isiposaidia basi ni bodi. Bodi nimeulizia bei, nimekaa chini. Msimu wa minada ya korosho ndio huu na ukumbi umeshawekewa oda. Kabla sijatoa hela nyingine nataka kujua: kuna namna ya kutambua ni kipi kibovu kati ya pampu, floti na bodi bila kununua kimoja kimoja?

Kijana wa Chuno
Breka hiyo dada. Mashine kubwa kama hiyo wamekufungia breka ndogo, ikipata moto inakata. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo kwa friza la samaki, nikaweka breka kubwa mambo yakaisha.

Bi Shangani
Kaka, breka haishuki hata siku moja. Umeme uko palepale, na kioo cha mashine kinawaka na hayo maandishi yake. Inachozima ni baridi.

Mkato Mfupi
Hapo ni floti, usiumize kichwa. Mwambie fundi achomoe plagi ya floti kwenye bodi, zile nyaya mbili aziunganishe pamoja, afunge na tepu. Mashine haitazima tena milele. Nimeshafanya hivyo sehemu nyingi na hawajanipigia simu.

Fundi Mikindani
Mkato Mfupi, hawakupigii kwa sababu wanampigia mtu wa jipsam.

Dada, hizo nyaya zisiunganishwe na kuachwa. Floti ndiyo inayoiambia mashine kwamba trei ya maji imejaa. Fundi anaweza kuziunganisha kwa dakika chache akiwa juu ya ngazi anaangalia, ili ajue kama bodi inapokea taarifa. Akizifunga na kushuka, mashine itaendelea kutoa maji huku hakuna wa kuizuia. Kwa unyevu wa pwani yetu, mashine ya BTU 36,000 kwenye ukumbi wenye watu na milango inayofunguliwa inaweza kutoa lita 3 mpaka 4 kwa saa. Hayo yote yatashukia kwenye dari, kwenye taa za dari na nyaya zake, halafu kwenye vichwa vya wageni.

EE kwenye mashine nyingi za Kichina ni hitilafu ya kimo cha maji. Daikin wanaandika A3, Gree E9, LG CH04. Msimbo unakwambia kitu kimoja tu: floti imeinuka au bodi inadhani imeinuka. Haukwambii nani kaiinua. Ndiyo maana kununua pampu kwa kusoma msimbo peke yake ni bahati nasibu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, nijibu swali moja. Inajizima WAKATI GANI? Ukiwasha tu hapohapo? Ikiwa katikati ya kazi, kompresa ya nje inanguruma? Au baada ya chumba kupoa, au baada ya kuzima kwa rimoti? Usinijibu kwa kubahatisha. Mweke mtu aangalie kesho.

Mjuba wa Lindi
Mimi niko Lindi mjini, yangu inavuja maji ukutani mpaka rangi imebanduka. Nayo ni pampu? Ni ile ndefu ya ukutani, chumbani. Fundi kaweka gundi bado inavuja.

Fundi Mikindani
Mjuba, ya ukutani kwa kawaida haina pampu, maji yanashuka yenyewe. Mpira wako wa maji umeziba au mashine imeinamia upande usio na mpira. Chukua pima maji uilaze juu yake, kisha puliza mpira kutokea nje. Gundi haitasaidia. Fungua uzi wako tukuhudumie huko, hapa tutamchanganya dada.

Kaskazi
Mnazunguka tu. Gesi imepungua hiyo. Gesi ikipungua koili inaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanakuwa mengi kwa mkupuo, trei inajaa, floti inainuka. Ajaze gesi kwanza.

Fundi Mikindani
Kaskazi, hilo unalosema lipo kweli na nimelikuta. Ila lina alama zake. Mashine yenye barafu inapuliza upepo dhaifu na baridi inapungua kabla haijazima. Ukishusha grili utaiona barafu kwenye koili, au angalau bomba nyembamba limeganda kule nje. Dada kasema inapoza vizuri. Na chujio chafu tu linaweza kuleta barafu gesi ikiwa imejaa, kwa hiyo hata barafu ikiwepo mtu asikimbilie mtungi. Tungoje jibu la swali langu.

Bi Shangani
Nimeangalia, na kijana wa ukumbi kaandika saa zake kwenye daftari. Kusema kweli sikuwahi kuliona jambo hili kabla ya kuulizwa.

Watu wakijaa ukumbini haizimi. Jana kulikuwa na semina tangu asubuhi, milango wazi, joto la kutosha, mashine imepiga mzigo mpaka jioni bila EE. Inazima watu wakiwa wachache, au wakienda kula. Kompresa ya nje inanyamaza, mashine ya ndani inaendelea kupuliza, kisha baada ya muda kidogo EE. Na leo alfajiri nimekuta imeandika EE wakati jana usiku tuliizima kwa rimoti wenyewe.

Na ile wiki ambayo pampu mpya "ilitibu", nimeangalia kitabu cha oda: ukumbi ulikuwa na mafunzo ya kutwa wiki nzima. Sasa naanza kupata wasiwasi na ile pampu.

Kijana wa Chuno
Hapo hata mimi nimechanganyikiwa. Maji yanakuwa mengi watu wakijaa, sasa inazima vipi maji yakiwa machache?

Fundi Mikindani
Ndiyo swali lenyewe hilo, Kijana.

Pampu ikiwa imechoka au imeziba ute, inashindwa wakati wa kazi. Maji yanaingia kwenye trei kwa kasi kuliko yanavyotoka, kimo kinapanda polepole, na baada ya nusu saa au zaidi floti inainuka huku kompresa inanguruma. Siku ya watu wengi ndiyo ingekuwa siku mbaya. Kwa dada ni kinyume chake. Hata ile pampu ya zamani ningeitoa lawamani: pampu nzima ya namna hii ina uwezo wa kutoa zaidi ya lita 20 kwa saa, na mashine haimpi hata robo ya hizo.

Floti ikikwama juu, au waya wake ukikatika, EE inakuja karibu na kuwasha, trei ikiwa kavu kabisa. Hiyo nayo siyo ya dada, walau siyo kwa maelezo haya.

Inabaki ya tatu. Chumba kikifika nyuzi ulizoweka, kompresa inapumzika. Pampu inaendelea dakika chache kumalizia maji, halafu nayo inasimama. Ikisimama, maji yaliyokuwa yanapanda kwenye bomba hayana wa kuyasukuma, yanarudi kwenye trei. Kurudi kidogo ni kawaida kwa kila kaseti, trei imeachiwa nafasi yake. Yakirudi mengi, floti inainuka. Bodi inaiamsha pampu, pampu inayapandisha maji yaleyale, ikisimama yanarudi yaleyale. Bodi ikichoka na mchezo huo inafunga kazi na kuandika EE.

Dada, ndani ya dari hiyo kuna kazi yoyote imefanyika mwaka huu?

Bi Shangani
Ndiyo. Baada ya mvua za masika tulibadilisha jipsam ya upande wa jukwaa, ilikuwa imeoza. EE zilianza baada ya hapo, ila sikuwahi kuziunganisha hizo habari mbili kwa sababu ilikuwa miezi ya kusi, viyoyozi hatuviwashi sana. Ila naomba nipimiwe kwanza. Nimeshachoka na kuambiwa.

Fundi Mikindani
Sawa, tupime. Tafuta fundi mwingine au huyohuyo, lakini umsimamie. Vitu anavyohitaji ni ngazi, chupa ya maji yenye mdomo mwembamba, ndoo, na kipimo cha lita. Mita tutaihitaji mwishoni.

Ubavuni mwa mashine, pale linapotokea bomba la maji, nyingi zina kidirisha chenye kifuniko cha kumiminia maji ya majaribio. Washeni mashine kwenye kupoza, nyuzi 18, kwa sababu kwenye feni tupu mashine nyingi haziamshi pampu. Amimine lita moja polepole, maji yasigonge umeme. Kwenye kipande cha mpira unaoonyesha ndani atayaona maji yakipanda na kwenda zake. Aende mtu nje kwenye mdomo wa bomba aone kama yanatoka na kwa mtindo gani, mfululizo au kwa kukohoa.

Yakishatoka, zimeni kwa rimoti. MSIZIME SWICHI YA UKUTANI, maana mkizima umeme pampu haitamalizia kazi na jaribio litakuwa limeharibika. Subirini pampu inyamaze. Ikinyamaza, sikilizeni. Halafu sasa zimeni umeme wote, wekeni ndoo, mchomoe kizibo cha mpira kilicho chini ya trei, na mpime maji yanayotoka.

Mpime pia kimo cha kile kipande cha bomba kinachopanda wima, na urefu wa linalolala mpaka ukutani. Mniletee namba.

Mkato Mfupi
Mambo mengi kwa kitu kidogo. Waya mbili tu hizo.

Bi Shangani
Mkato Mfupi, ukumbi si wako.

Majibu haya hapa. Nimepanda ngazi mwenyewe nikatazame.

Maji yalipanda bila shida, nimeyaona kwenye mpira. Kule nje hayakutoka mara moja. Tulingoja mpaka tukadhani yamepotea, kisha yakatoka kwa mkupuo, yakakata, yakatoka tena. Tukazima kwa rimoti. Pampu ikaendelea kidogo, ikanyamaza, na hapo ndipo tukasikia mlio wa maji kurudi ndani ya mashine, na haukuwa wa sekunde mbili tatu. Kwa tochi kwenye kidirisha tuliona kimo kinapanda mpaka floti ikaelea juu kabisa.

Tulipochomoa kizibo ilijaa chupa moja ya maji ya lita moja na nusu, na nyingine ikafika karibu nusu. Kipande cha wima ni sentimita 45. Linalolala ni kama mita 6 na kidogo. Bomba ni la plastiki la milimita 32, fundi anasema ndani ni kama 28. Kile kipande cha wima ni chembamba zaidi, ndani milimita 25.

Fundi Mikindani
Umenisaidia kuliko mafundi wengi ninaowapigia simu.

Tupige hesabu. Kipande cha wima cha sentimita 45 chenye tundu la milimita 25 kikijaa kinabeba kama robo lita, hata chupa ya soda hakijazi. Hayo ndiyo maji yanayoruhusiwa kurudi, pamoja na mabaki kidogo ya kwenye trei. Wewe umekinga lita mbili na zaidi. Zilizozidi zimetoka kwenye bomba linalolala, maana hazina pengine pa kutoka. Bomba la ndani milimita 28 likijaa nusu linabeba kama mililita 300 kwa mita. Zidisha kwa mita 6, unapata karibu lita 1.8. Jumlisha na robo ile. Ndoo yako imesema ukweli.

Maana yake bomba linalolala linateremka kuelekea kwenye mashine badala ya kuteremka kwenda nje, au limekaa tumbo katikati. Ndiyo sababu maji yalichelewa kutoka: pampu ililazimika kulijaza bomba kwanza mpaka yavuke mahali palipoinuka. Watu wakijaa ukumbini pampu haisimami, inayasukuma muda wote na floti haipati nafasi ya kuinuka. Wakienda kula, yanarudi.

Fungueni jipsam karibu na ukuta mtazame linavyoning'inia.

Kaskazi
Hesabu nimeikubali. Ila bado ningepima gesi.

Bi Shangani
Tumefungua. Bomba halining'inii kabisa, LIMELALA. Vishikio vya zamani vya bati vipo juu kwenye zege, vimekatwa. Wale wa jipsam walipobadilisha fremu walivikata wapate nafasi, wakalilaza bomba juu ya fremu zao. Na fremu ya upande wa ukutani iko juu kuliko ya upande wa mashine kwa sababu dari ile ina mapambo ya ngazi. Fundi aliweka pima maji, kiputo kikakimbilia ukutani moja kwa moja. Ukutani ni juu, mashine ni chini. Katikati, kati ya fremu na fremu, bomba limepinda, na ukiligonga pale unasikia limebeba maji.

Halafu nikamwomba aijaribu ile pampu ya zamani. Bahati nzuri ilikuwa bado iko stoo. Kaiosha, kaitumbukiza miguu kwenye ndoo, kaipa umeme wake. Ikarusha maji mpaka kwenye shati lake. Sikumwambia kitu, alijua mwenyewe ninachofikiria.

Kijana wa Chuno
Akurudishie hela ya kufunga angalau.

Fundi Mikindani
Itunze hiyo pampu, siku moja utaihitaji. Ila iandike maandishi yake ya umeme kwenye karatasi, maana ziko za volti 220 na ziko za volti 12 zinazofanana kwa umbo, na mtu akizichanganya bodi inaungua kweli.

Sasa kurekebisha. Bomba linyanyuliwe lining'inizwe kwenye zege, siyo kwenye fremu ya jipsam. Kishikio kila mita moja, lisipate nafasi ya kufanya tumbo. Mteremko walau sentimita 1 kwa kila mita kwenda nje, kwa hiyo kwa mita 6 mwanzo wa bomba uwe juu ya mwisho wake kwa sentimita 6 au 7. Kupata hapo itabidi kile kipande cha wima kirefuke, na hapo angalieni kitabu cha mashine: pampu ina mwisho wa kimo chake. Nyingi zinafika sentimita 70 hivi, nyingine zaidi. Kipande hicho kiinuke wima karibu na mashine, ndani ya sentimita 30, kisilale kwanza. Mkimaliza rudieni jaribio lilelile la ndoo. Bila namba ya ndoo msimlipe mtu.

Mhandisi Ligula
Nimeufuata uzi kimya. Nakubaliana na bomba, lakini mimi ningeongeza valvu ya kuzuia maji kurudi, juu ya mpira tu. Hata mtu akija kuharibu mteremko tena, maji hayarudi kwenye trei. Nimeifunga kwenye majengo ya ofisi na haijanisumbua.

Fundi Mikindani
Mhandisi, kwa heshima, kwenye maji ya kiyoyozi siipendi. Maji haya yana ute, vumbi na nyuzi za nguo. Kipande cha mpira ndani ya valvu kikishika ute kinabaki nusu wazi, au kinagoma kufunguka, na sasa umeipa pampu mzigo mpya. Pampu nyingine zina kizuizi chake ndani tayari. Bomba likiwa na mteremko, valvu haina kazi ya kufanya.

Mhandisi Ligula
Ikisafishwa pamoja na trei haishiki ute. Tatizo letu hatusafishi. Na wewe unajua wale wa jipsam watarudi tu.

Fundi Mikindani
Hapo hatutakubaliana. Dada aamue na fundi wake.

Bi Shangani
Wakuu, nimerudi. Valvu sijaweka kwa sasa. Bomba limening'inizwa upya, kipande cha wima sasa ni sentimita 52, na kitabu cha mashine yetu kinaruhusu 75. Jaribio la ndoo: maji yaliyotoka kwenye kizibo hayakujaza hata kikombe cha chai na nusu. Nje yanatoka mfululizo mara tu pampu ikiamka. Trei nayo imesafishwa, ilikuwa na ute mweupe kama uji wa mchele. Fundi alitaka kumwaga jiki pale pale, nikamwomba aishushe trei aoshee nje kwa maji safi, koili isiguswe.

Tangu hapo chumba kikipoa mashine inapumzika na kuamka bila EE. Usiku tunazima kwa rimoti, asubuhi tunakuta kioo safi.

Lakini kuna jambo jipya. Mara chache asubuhi, nikiwasha tu, trei kavu kabisa, EE inatokea kisha inafutika yenyewe. Hii haihusiani na watu wala kupoa.

Kaskazi
Bodi sasa.

Fundi Mikindani
Taratibu na bodi. Hii ndiyo ile ya pili kwenye orodha yangu: trei kavu, EE ya papo hapo. Floti ya mashine yako inafunga saketi ikiwa chini na kuifungua ikiinuka. Kwa hiyo waya ukilegea popote, bodi inasoma vilevile kana kwamba maji yamejaa. Na upepo wa bahari hapo Shangani unakula pini za shaba bila huruma.

Zima umeme wote. Chomoa plagi ya floti kwenye bodi, mita iwe kwenye mlio, shika pini mbili za upande wa floti. Floti chini, ilie. Uinue kwa kidole, inyamaze. Kisha ikiwa chini, utikise waya taratibu kuanzia kwenye plagi mpaka kwenye floti yenyewe. Mlio ukikatika wakati unatikisa, umepata mahali.

Bi Shangani
Pini zina ukijani, ndiyo. Floti chini inalia, juu inanyamaza. Akitikisa karibu na plagi, mara inalia mara hailii. Akitikisa karibu na floti, mara moja ilikata, akirudia haikati. Amesugua pini kwa brashi ndogo na kuzipulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Leo imewaka vizuri, lakini tatizo lenyewe lilikuwa la mara chache, kwa hiyo siwezi kusema limeisha.

Mhandisi Ligula
Ilikata upande wa floti hata kama ni mara moja? Mimi ningebadilisha floti sasa kabla ya msimu kupamba. Bei yake si ya kukosesha usingizi ukilinganisha na bodi.

Fundi Mikindani
Mimi ningekata plagi na kuweka pini mpya kwanza, kisha ningoje. Ila nakubali, floti si ghali, na akiwa nayo stoo hatakosa kitu.

Mjuba wa Lindi
Nimeweka pima maji, kweli ilikuwa imeinamia upande wa pili. Asante fundi. Na dada, mimi nina kaseti mbovu, kompresa ilikufa, iko stoo huku Lindi. Floti yake ukiitaka nitaituma na basi.

Fundi Mikindani
Kabla hajaituma, Mjuba, ipime kwa mita kama nilivyoeleza hapo juu. Ziko floti zinazofanya kinyume, saketi wazi ikiwa chini na kufunga ikiinuka, na ukiifunga hiyo kwenye mashine ya dada itaandika EE tangu dakika ya kwanza. Tuma picha ya plagi pia, idadi ya pini na urefu wa mkono wa floti.

Mjuba wa Lindi
Kesho nikifungua stoo naweka picha hapa.